Kodi ya pensheni: itozwe mchango unapoingia, unapokua au unapotolewa?

Fedha ya pensheni hupita mahali patatu ambapo serikali inaweza kuidai kodi: siku inapokatwa kwenye mshahara na kuingia kwenye mfuko wa pensheni, miaka yote inapozaa faida ndani ya mfuko, na siku mwanachama anapoichukua akiwa amestaafu. Kutokana na hayo hupatikana miundo mitatu ya msingi. Katika wa kwanza, mchango hutolewa kwenye mshahara uliokwisha kutozwa kodi, kisha faida na mafao havidaiwi tena. Katika wa pili, mchango huingia bila kodi na mafao hutoka bila kodi, lakini faida ya kila mwaka hukatwa. Katika wa tatu, mchango na faida husamehewa, na kodi yote husubiri siku ya kuchukua mafao.

Nchi nyingi huchanganya miundo hii. Denmaki husamehe mchango lakini hutoza faida kila mwaka kwa asilimia 15.3, kisha hutoza pensheni ya kila mwezi kama kipato cha kawaida. Australia kwa kawaida hutoza asilimia 15 ya mchango wa mwajiri unapoingia na hadi asilimia 15 ya faida, halafu walio wengi waliotimiza miaka 60 huchukua mafao yao bila kodi. Nyuzilandi ilifuta msamaha wa mchango na wa faida mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuacha mafao peke yake bila kodi. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1997, iliruhusu akaunti inayotozwa kodi mwanzoni isimame kando ya ile ya zamani inayotozwa mwishoni, na tangu hapo mfanyakazi mwenye sifa anaweza kuchagua moja au kugawa mchango wake kati ya zote mbili. Pamoja na michanganyiko hiyo, hakuna njia nyepesi ya kuelewa mfumo wowote kuliko kuichambua kwanza miundo mitatu ikiwa mitupu, kila mmoja peke yake.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Mfanyakazi anatenga 1,000 ya mshahara wake kabla ya kodi, iwe ni sarafu yoyote. Mfuko unazaa asilimia 6 kwa mwaka, fedha inakaa miaka 30, na kiwango cha kodi ni asilimia 20 popote kodi inapotozwa.

Ikitozwa mwanzoni, 200 inakwenda serikalini na 800 inaingia mfukoni. Kwa asilimia 6 kwa miaka 30, kila 1 huwa karibu 5.74, kwa hiyo 800 inakuwa 4,595, na yote ni ya mwanachama. Ikitozwa mwishoni, 1,000 nzima inaingia na kuwa 5,743, serikali inachukua sehemu moja ya tano, yaani karibu 1,149, na mwanachama anabaki na 4,595. Jibu ni lile lile, wala halikutokea kwa bahati. Kuzidisha kwa 0.8 kabla ya ukuaji na kuzidisha kwa 0.8 baada ya ukuaji ni hesabu moja iliyopangwa kwa mfuatano tofauti. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu hudhani kwamba kutoza mwishoni ni kuibia faida iliyotunzwa kwa miaka mingi, au kwamba kutoza mwanzoni ni kuua mbegu kabla haijaota. Kiwango kikiwa kimoja kwenye ncha zote mbili, dhana hizo hazina mashiko.

Muundo wa kutoza faida hauingii katika usawa huo. Hapa 1,000 nzima inaingia, lakini asilimia 6 ya kila mwaka inakatwa moja ya tano, hivyo mfuko unakua kwa asilimia 4.8 tu. Baada ya miaka 30 mwanachama ana 4,082, pungufu kwa 513 kuliko wenzake wawili, ingawa kiwango kilichotangazwa ni kile kile cha asilimia 20. Kinachokatwa kila mwaka si kodi peke yake, bali pia kile ambacho kodi hiyo ingezaa kama ingebaki ndani. Kwa hiyo uzito wa muundo huu hautegemei kiwango tu, unategemea pia miaka, kama jedwali hili linavyoonyesha kwa 1,000 iliyowekwa mara moja:

| Miaka mfukoni | Kodi mwanzoni au mwishoni | Kodi kwenye faida |
|---|---|---|
| 10 | 1,433 | 1,598 |
| 20 | 2,566 | 2,554 |
| 30 | 4,595 | 4,082 |
| 40 | 8,229 | 6,523 |

Kwa miaka 10, kodi ya faida ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu faida yenyewe bado ni ndogo na mtaji haukuguswa. Kwenye mwaka wa 20, au pungufu kidogo, mizani inasimama sawa. Baada ya hapo inaelemea upande mwingine, na kwa miaka 40 kodi ya asilimia 20 kwenye faida inakuwa imemeza zaidi ya theluthi moja ya kile ambacho fedha ingekuwa bila kodi yoyote. Mizani hiyo husogea pia na faida ya mfuko: mfuko ukizaa asilimia 9, usawa unafika kati ya mwaka wa 13 na wa 14, na ukizaa asilimia 4 unasubiri hadi karibu mwaka wa 29.

Hapa yafaa kuonya kuhusu kosa moja la hesabu. Wanaopigia debe muundo mmoja hupenda kuonyesha mchango wa mara moja uliokaa miaka 40, kwa sababu tofauti huonekana kubwa. Mfanyakazi wa kawaida hachangii hivyo. Huchanga kila mwezi, na mchango wa miaka ya mwisho hukaa mfukoni muda mfupi tu. Mtu akiweka 1,000 ya kabla ya kodi kila mwisho wa mwaka kwa miaka 30, kwa asilimia zile zile, kodi ya mwanzoni au ya mwishoni inamwachia karibu 63,250, na kodi ya faida inamwachia karibu 64,200. Yaani kodi ya faida bado iko mbele kwa kiasi kidogo, na inashindwa kati ya mwaka wa 31 na wa 32. Akichanga kwa miaka 40 matokeo ni karibu 123,800 dhidi ya 115,100. Kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 25 ana sababu ya kuikwepa kodi ya faida, ilhali anayeanza akiwa na miaka 40 anaweza kuipendelea, iwapo kweli ni kodi ya faida peke yake. Sharti hilo la mwisho ni zito, kwa kuwa katika mifano ya nchi niliyoitaja kodi ya faida imeambatana na kodi nyingine ya mwanzo au ya mwisho. Kodi zote mbili zikiwa za asilimia 20, ile 1,000 ya miaka 30 inaishia 3,265, na mjadala wa lipi ni jepesi unakuwa umekwisha.

Kodi ya faida ina udhaifu mwingine ambao hauonekani kwenye jedwali, nao ni mfumuko wa bei. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka. Faida ya asilimia 6 basi ina asilimia 2 tu ya utajiri halisi, na zilizobaki zinafidia thamani iliyopotea. Kodi hata hivyo hukatwa kwenye asilimia 6 zote, yaani inachukua 1.2 kati ya hizo 2. Kiwango kinaitwa asilimia 20, lakini kwa mwanachama ni kama asilimia 60 ya faida halisi. Ukitaka kujua iwapo mfuko wako unaumia hivyo, usitazame kiwango cha kodi kilichoandikwa kwenye sheria. Tazama faida iliyowekwa kwenye akaunti yako baada ya kodi, uondoe mfumuko wa bei wa mwaka huo, kisha uone kilichobaki. Miaka ambayo jibu linakuwa hasi, kodi imetozwa juu ya faida ambayo haikuwepo. Miundo ya mwanzoni na ya mwishoni haina tatizo hili kwenye faida, kwa sababu haiikati mwaka kwa mwaka.

Tukiiweka kodi ya faida kando, swali linabaki kati ya mwanzo na mwisho, na sasa inabidi kuuvunja ule usawa wa asilimia 20 kwa 20. Katika maisha halisi viwango viwili huwa havifanani. Anayetozwa asilimia 30 leo na kutarajia asilimia 15 akistaafu atabaki na 4,020 akilipa mwanzoni, na 4,882 akilipa mwishoni. Anayetozwa asilimia 10 leo kwa kuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, na ambaye baadaye atatozwa asilimia 25, atapata 5,169 akilipa mwanzoni na 4,308 akilipa mwishoni. Faida ya mfuko ni ile ile na miaka ni ile ile. Kinachoamua ni viwango viwili tu, kile unachokwepa leo na kile utakacholipa kesho.

Ugumu uko katika kuvitambua viwango hivyo, na hapa hata watu wanaojua hesabu huteleza. Kiwango cha leo kinachohusika si wastani wa kodi kwenye mshahara wote, bali ni kile cha daraja la juu kabisa ambalo mshahara unafika, kwa kuwa mchango unapunguza kipato kutoka juu kwenda chini. Kiwango cha kesho ni habari nyingine. Mstaafu ambaye mafao ndiyo kipato chake cha pekee huanza kuyajaza madaraja kutoka chini, akianzia sehemu isiyotozwa chochote.

Tuchukue ratiba ya kubuni: 10,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, 10,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, na kila kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Mfanyakazi wa 30,000 akichangia 1,000 anaokoa 300. Akistaafu na kuchukua 18,000 kwa mwaka bila kipato kingine, anatozwa 800, ambayo ni chini ya asilimia 5 ya alichochukua. Ameokoa asilimia 30 na kulipa chini ya 5, bila ujanja wowote. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa kodi ya mwishoni, nami naiona inafaa watu wengi wenye mshahara wa kati ambao akiba yao ya uzeeni si kubwa.

Lakini hoja hiyo inakufa haraka katika hali mbili. Ya kwanza ni mstaafu mwenye kipato kingine. Akiwa na mapato ya kupangisha nyumba au pensheni nyingine ya 20,000 kwa mwaka, madaraja ya chini yamekwisha kujaa, na kila anachochukua kutoka mfukoni kinaanzia asilimia 30. Hapo tunarudi kwenye usawa wa mwanzo, na kama viwango vitapandishwa kabla hajastaafu, atakuwa amepoteza.

Ya pili ni mkupuo, na hili ndilo kosa ghali kuliko yote niliyowahi kuyaona katika muundo wa kodi ya mwishoni. Mstaafu mwenye 120,000 mfukoni anaweza kuichukua kwa miaka 10, 12,000 kila mwaka. Kwa ratiba yetu analipa 200 kwa mwaka, jumla 2,000, tukiacha kando faida ya miaka hiyo. Akiichukua yote kwa siku moja, 100,000 kati yake zinaangukia daraja la juu, na kodi inakuwa 31,000. Sheria nyingi hupunguza pigo hili kwa kuweka sehemu ya mkupuo isiyotozwa, kama Uingereza inavyowaachia wengi hadi robo ya mfuko bila kodi ndani ya ukomo maalumu, au kwa kutoza mkupuo kwa ratiba yake yenyewe. Kabla ya kujaza fomu ya kuchukua mafao, omba mfuko ukuandikie kodi itakayokatwa kwa kila njia, mkupuo upande mmoja na malipo ya kila mwezi upande wa pili, kwa fedha kamili na si kwa asilimia. Katika muundo wa kodi ya mwanzoni swali hili halipo kabisa: mkupuo na malipo ya kila mwezi vinatoka bila kukatwa, na anayejua kwamba atahitaji fedha nyingi kwa pamoja siku atakapostaafu ana sababu nzuri ya kuupendelea.

Kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi sana, naye ni mwenye mshahara mdogo usiofika kwenye kodi. Akiambiwa kwamba mchango wake umesamehewa, hajasamehewa chochote, kwa kuwa asingetozwa hata hivyo. Mfuko wake ukija kutozwa mwishoni, huenda akalipia fedha ambayo kwa njia nyingine isingelipiwa kamwe. Kwake kodi ya mwanzoni ni sifuri, na mlango wa bure ukiwa wazi ni afadhali apite humo. Vivyo hivyo kwa mwaka ambao mtu amekuwa masomoni, amefanya kazi nusu mwaka au biashara yake imeyumba: kwa mwaka huo mmoja, kama sheria inaruhusu kuchagua, kulipa mwanzoni ni nafuu.

Wakati wa kulinganisha akaunti mbili zilizo mbele yako, jihadhari na salio lililochapishwa. Taarifa ya mwanachama katika mfuko unaotozwa mwishoni itaonyesha 5,743, na ile ya mfuko uliotozwa mwanzoni itaonyesha 4,595. Ya kwanza inang'aa zaidi, lakini 1,149 iliyomo ni ya serikali, imewekwa tu kwa mwanachama. Kosa hilo lina ndugu yake upande wa kuingia. Watu wawili wanakatwa 800 kila mmoja kwenye mfuko wake, mmoja bila msamaha na mwingine mwenye msamaha wa 160. Huyo wa pili akila ile 160 badala ya kuiongeza kwenye mchango, mfuko wake baada ya kodi ya mwisho utakuwa 3,676, naye atasema muundo umemwibia. Haukumwibia, kwani alikwisha kupewa sehemu yake mapema na akaitumia. Kodi ya mwishoni inamlipa anayeweza kuchangia mchango mnene kwa kiasi cha kodi aliyookoa. Asiyeweza kujizuia kuitumia kodi hiyo aliyookoa anafaa kulipa mwanzoni, kwa sababu hapo hakuna kitu cha kurudishiwa na kutumia.

Ukomo wa mchango nao hautoshani, ingawa sheria inaweza kuuandika kwa tarakimu moja. Ukomo wa 5,000 kwa mwaka katika mfuko unaotozwa mwishoni ni 5,000 ya kabla ya kodi, ambayo moja ya tano yake si yako. Ukomo huo huo katika mfuko uliotozwa mwanzoni ni 5,000 iliyokwisha kulipiwa, sawa na 6,250 ya mshahara kabla ya kodi kwa kiwango cha asilimia 20. Mwenye uwezo wa kujaza ukomo kila mwaka kwa hiyo anapata nafasi kubwa zaidi ya kutunza fedha pasipo kodi akilipa mwanzoni, hata kama viwango viwili ni sawa. Asiyefikia ukomo hana haja ya kulifikiria jambo hili.

Kuhusu hatari ya sheria kubadilika, kila muundo una wake. Aliyelipa mwanzoni anashika ahadi kwamba mafao hayatadaiwa, na ahadi hiyo iko mikononi mwa mabunge ambayo bado hayajachaguliwa. Atakayelipa mwishoni hana ahadi ya kiwango, lakini ana uhakika wa kitu kingine: hajalipa bado, kwa hiyo hawezi kulipishwa mara mbili kwa fedha ile ile. Serikali nazo zina tamaa yao katika uchaguzi huu. Kodi ya mwanzoni huingiza mapato mwaka huu, ya mwishoni husubiri miongo, na bajeti iliyobanwa huona ya kwanza kuwa tamu. Ndiyo maana mfumo unaohamishwa kutoka mwisho kwenda mwanzo haupaswi kusomwa kama zawadi kwa wanachama, hata ukitangazwa kwa maneno kama hayo. Nisingemshauri mtu aweke yote upande mmoja kwa sababu ya hofu hii peke yake. Ila mwenye fursa ya miundo miwili anaweza kuweka mchango wa kutosha kwenye mfuko wa kodi ya mwishoni ili siku akistaafu aujazie madaraja ya chini, kisha kinachozidi akielekeze kwenye mfuko wa kodi ya mwanzoni. Akistaafu kwa ratiba ile ya kubuni, atachukua 20,000 kila mwaka kutoka wa kwanza kwa kodi ya 1,000, na mahitaji mengine yote atayachota kwenye wa pili bila kugusa daraja la asilimia 30.

Lipo jambo moja la karatasi. Katika mfumo wa kodi ya mwishoni, mchango unaozidi ukomo wa msamaha mara nyingi huwa umetozwa kodi ya mshahara kabla ya kuingia. Fedha hiyo ikichanganywa na nyingine, miaka 30 baadaye mfuko unaweza kuitoza tena wakati wa kuitoa, na asiyekuwa na ushahidi atalipa mara mbili. Kila mwaka uliovuka ukomo, weka pamoja hati ya mshahara inayoonyesha kodi iliyokatwa na taarifa ya mfuko ya mwaka huo, na umwombe mwajiri au mfuko athibitishe kwa maandishi ni kiasi gani kiliingia bila msamaha. Mwajiri anaweza kufungwa na mfuko unaweza kuunganishwa na mwingine, kwa hiyo nakala zikae kwako.